Muhula Mzima Katika Karatasi Moja ya A4

Notsi za sheria ya madhara, somo ambalo wanafunzi wenyewe huliita toti, hujaza kaunta buku ya kwaya tatu kabla muhula haujaisha. Juu yake kuna madesa ya mwalimu, na hukumu zilizopakuliwa ambazo nyingine zinapita kurasa hamsini. Kisha linabandikwa tangazo: mtihani utakuwa wa kitabu wazi, ila kila mtahiniwa ataingia na karatasi moja tu ya A4, upande mmoja, aliyoiandika kwa mkono wake. Wengi hushangilia. Waliokwishaufanya mtihani wa namna hiyo hunyamaza.

Wana sababu. Mtihani wa kitabu wazi haukuulizi nini kilitokea katika kesi ya Donoghue dhidi ya Stevenson. Unakupa kisa kipya kabisa, chenye watu watatu au wanne walioumizana kwa namna iliyopindapinda, na kukwambia umshauri mmoja wao. Mtihani wa saa tatu wenye maswali manne unakuachia dakika 45 kwa kila swali, na ndani ya hizo unasoma kisa, unapanga hoja na kuandika. Muda wa kupekua haupo. Karatasi inayohitaji kusomwa ndani ya chumba cha mtihani haikusaidii. Inayofaa ni ile unayoitupia jicho ukapata ulichokitaka.

Anza na hesabu ya nafasi, kwa sababu ndiyo inayoamua mengine yote. Karatasi ya A4 ina urefu wa milimita 297. Ukiacha sentimita moja juu na moja chini, na kuandika kwa mwandiko wa kawaida wenye mistari ya milimita saba, unapata mistari 39. Mistari minne itachukuliwa na vichwa vya sehemu. Inabaki 35, na kesi moja ikipewa miwili, karatasi itabeba kesi kumi na saba. Kaunta buku ya muhula inaweza kuwa na kesi themanini. Wapo wanaoikwepa hesabu hii kwa kuandika herufi za sisimizi, kisha ndani ya mtihani wanashindwa kusoma mwandiko wao wenyewe. Heri uikubali hesabu mapema, maana ndiyo inayokulazimisha kuchagua.

Nichukue sehemu moja ya somo, ile ya uzembe, ambayo ndiyo moyo wa toti na haikosi kutokea kwenye mtihani. Notsi za darasani hufuata wiki: wiki ya tatu mwalimu alifundisha hiki, wiki ya nne kile, na palipoingia mgomo au sikukuu pameachwa pengo. Mtahini hafuati wiki. Anayeleta dai la uzembe lazima apite milango minne, mmoja baada ya mwingine. Je, mdaiwa alikuwa na wajibu wa kumchukulia mdai tahadhari? Je, aliuvunja wajibu huo? Je, kuuvunja huko ndiko kulikosababisha madhara? Na je, madhara yenyewe si ya mbali mno kiasi kwamba sheria haiwezi kumbebesha mtu? Milango hii minne ndiyo vichwa vinne vya karatasi, kwa mpangilio huohuo. Ukibadilisha mpangilio, jibu lako nalo litayumba, kwa kuwa mkono huandika kwa kufuata macho.

Baada ya hapo kila kesi inaulizwa swali moja: nikikuondoa, ni jibu gani litakalobadilika? Kesi nyingi za darasani zililetwa kama mifano tu ya jambo ambalo kesi nyingine imeshalisema. Hizo zinatoka, hata kama visa vyake vinapendeza. Nadhani kupendeza ndiko kunakowaponza wanafunzi wengi. Wanakumbuka konokono aliyeoza katika chupa ya soda ya tangawizi kule Paisley mwaka 1928, wanamwandika kwa mistari mitano, na kusahau kwamba mtahini anamjua konokono huyo kuliko wao. Anachotaka kuona ni kwamba Baraza la Malodi, mwaka 1932, lilisema mtengenezaji ana wajibu kwa mlaji wa mwisho hata kama hawana mkataba, na kwamba Lodi Atkin aliujenga wajibu huo juu ya wazo la jirani: mtu ambaye kitendo chako kinamgusa kwa karibu mno kiasi kwamba ulipaswa kumfikiria kabla ya kutenda.

Tuone upunguzaji wenyewe katika mlango wa nne, ambao huwasumbua watu zaidi. Notsi za mada hii hufika kurasa tano au sita. Zinaanza na kesi ya Polemis ya mwaka 1921: vibarua walidondosha ubao ndani ya shehena ya meli, cheche ikawasha mvuke wa petroli, meli yote ikaungua. Mahakama ya Rufani ya Uingereza ikasema mzembe analipa kila madhara yaliyotokana moja kwa moja na uzembe wake, hata yale ambayo hakuna aliyeyatarajia. Kisha inakuja Wagon Mound, kisa cha bandari ya Sydney. Meli ilimwaga mafuta mazito majini, yakaelea hadi kwenye gati ambako mafundi walikuwa wakichomelea. Msimamizi alisimamisha kazi, akaulizia, akaambiwa hakuna hatari, kazi ikaendelea. Chuma kilichoyeyuka kikadondokea pamba chafu iliyokuwa ikielea, mafuta yakashika moto, gati likaungua. Mwaka 1961 Baraza la Faragha la London likaamua kwamba wenye meli hawawajibiki kwa moto huo: uchafuzi wa gati ulitarajiwa, moto haukutarajiwa, na kipimo ni aina ya madhara ambayo mtu mwenye busara angeyatarajia.

Notsi haziishii hapo. Kuna Wagon Mound ya pili ya mwaka 1967, tukio lilelile lakini wadai ni wenye meli nyingine zilizoungua, na safari hii ushahidi ulionyesha kwamba hatari ya moto ilikuwa ndogo lakini ya kweli, na kuizuia kulikuwa rahisi. Wakashinda. Kuna Hughes ya mwaka 1963, ya watoto wa Edinburgh waliocheza na taa ya mafuta ya taa kwenye shimo lililoachwa na wafanyakazi wa posta. Taa ikaanguka shimoni, ukatokea mlipuko usiotarajiwa, mtoto akaungua. Kwa kuwa kuungua kulitarajiwa, namna kulivyotokea haikujalisha. Kuna pia Smith dhidi ya Leech Brain ya mwaka 1962, fundi aliyerukiwa na tone la chuma cha moto mdomoni. Tayari alikuwa na hali iliyoelekea saratani, jeraha likaiamsha, akafa. Mwajiri akalipa kifo, si jeraha la mdomo peke yake.

Kurasa hizo zote zinaingia katika mistari saba. Mwanafunzi ataiandika kwa Kiingereza, lugha ya mtihani. Hapa naiweka kwa Kiswahili ili sote tuione.

Wagon Mound 1 (1961): mafuta, gati, moto. AINA ya madhara itarajiwe. Imeiweka kando Polemis (1921).

Wagon Mound 2 (1967): moto uleule, wadai wengine. Hatari ndogo lakini ya kweli, rahisi kuzuia: analipa.

Hughes (1963): taa, shimo, mtoto. NAMNA haijalishi aina ikitarajiwa.

Smith (1962): mdomo, saratani. Mhanga unamchukua kama alivyo, UKUBWA haujalishi.

Tazama kilichobaki. Jina la kesi na mwaka vipo, kwa sababu bila hivyo huna mamlaka ya kusimamia. Yapo maneno mawili au matatu ya kuamsha kumbukumbu, si kusimulia. Kiini cha uamuzi kipo katika neno moja kubwa: aina, namna, ukubwa. Na upo uhusiano wa kesi na nyingine, yaani nani amemweka nani kando. Kilichoondoka ni majina ya majaji, hoja za mawakili, historia ya rufaa, na yale maneno ya pembeni ambayo jaji aliyasema bila kuyahitaji ili kufikia uamuzi wake. Hayo ya mwisho ni hatari hasa. Mwanafunzi akiyabeba kama sheria anaweza kujenga jibu zima juu ya jambo ambalo mahakama haikuliamua. Njia ya kuyatambua ni kuuliza: jaji angeyafuta maneno haya, mshindi angebaki yuleyule? Akibaki, hayo si kiini.

Mlango wa pili, wa kuvunja wajibu, unapunguzwa kwa njia nyingine kidogo, kwa sababu kesi zake hazibatilishani bali zinavutana. Bolton dhidi ya Stone ya mwaka 1951 inamhusu mwanamke aliyepigwa na mpira wa kriketi uliovuka uzio, jambo lililokuwa limetokea mara chache mno katika takriban miaka 30, klabu haikulipa. Mwaka huohuo, katika Paris dhidi ya Halmashauri ya Stepney, fundi mwenye jicho moja aliingiwa na kipande cha chuma katika jicho hilo zima, na mwajiri ambaye hakumpa miwani ya kujikinga akalipa. Kesi hizi mbili zikae mstari mmoja, moja kushoto na nyingine kulia: uwezekano mdogo upande huu, uzito wa madhara upande ule. Kisa cha mtihani kitaangukia katikati, na kazi yako ni kusema kiko karibu na upande upi.

Uzembe wa madaktari nao ni mnyororo, hivyo uandikwe kwa mishale. Bolam ya mwaka 1957 ilisema daktari hana kosa akifuata utaratibu unaokubaliwa na kundi la wenzake wenye ujuzi. Bolitho, iliyoamuliwa mwaka 1997 na kuchapishwa katika ripoti za 1998, iliongeza kwamba maoni ya kundi hilo lazima yahimili mantiki. Montgomery ya mwaka 2015 ilikitoa kipimo cha Bolam katika suala la kumweleza mgonjwa hatari za matibabu, kwa kuwa hapo kinachotazamwa ni kile ambacho mgonjwa angetaka kukijua. Mnyororo huu ni mistari mitatu. Ukiandika Bolam peke yake, jibu lako kuhusu daktari aliyemficha mgonjwa hatari litakuwa limechelewa kwa miongo kadhaa.

Hapa ndipo madesa yanapowaangusha watu. Desa hurithiwa, linatolewa fotokopi na darasa la mwaka huu kutoka kwa darasa la mwaka jana, nalo lilitoka kwa waliotangulia, na hakuna anayelisahihisha. Bado utakuta linafundisha Anns dhidi ya Merton ya mwaka 1977 kama kipimo cha wajibu, wakati Baraza la Malodi lenyewe liliiacha mwaka 1990 katika kesi ya Murphy. Utakuta Caparo ya mwaka 1990 imeandikwa kama ngazi ya hatua tatu ambayo kila dai la uzembe lazima liipande: madhara yatarajiwe, uhusiano uwe wa karibu, na iwe haki kumbebesha mdaiwa wajibu. Mwaka 2018 Mahakama ya Juu ya Uingereza, katika kesi ya Robinson, bibi aliyeangushwa na polisi waliokuwa wakimkamata mshukiwa barabarani, ilisema hivyo sivyo. Pale wajibu ulipokwishatambuliwa, kama wa dereva kwa watumiaji wengine wa barabara, hakuna haja ya kuanza upya. Katika hali mpya mahakama huendelea hatua kwa hatua kwa kulinganisha na kesi zilizotangulia. Kwa hiyo kabla ya kuihamishia kesi kwenye karatasi, tafuta hukumu zilizoitaja baadaye uone kama ingali hai. Ni kazi ya jioni moja.

Jambo jingine ambalo wanafunzi wa kwetu hulisahau ni mizani ya mamlaka. Tanzania ilipokea sheria ya mazoea ya Uingereza kwa tarehe ya 22 Julai 1920, na Kenya kwa tarehe ya 12 Agosti 1897. Karibu kesi zote nilizozitaja ni za baada ya hapo, na leo hukumu ya London haiifungi mahakama ya Dar es Salaam wala ya Nairobi, inaishawishi tu. Ndiyo maana napendelea alama ya nyota pembeni mwa kila kesi ya Afrika Mashariki, ili jicho lianze nayo. Muwonge dhidi ya Mwanasheria Mkuu wa Uganda, ya mwaka 1967, inastahili nyota hiyo: askari polisi alifyatua risasi wakati wa fujo akamuua baba wa mdai, na Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki ikasema serikali inawajibika, kwa kuwa kitendo kilifanyika katika kazi aliyoajiriwa, hata kama alikifanya ovyo na kinyume cha maelekezo. Mada hiyo ya mwajiri kubeba kosa la mwajiriwa haimo katika milango minne, lakini hujitokeza mwishoni mwa visa vingi, kwa hiyo iachie mistari miwili chini kabisa.

Sasa karatasi ijaribiwe kwa kisa, tena siku kadhaa kabla ya mtihani, saa ikiwa mezani. Tuseme kisa ni hiki. Mgahawa umemwajiri kijana wa bodaboda kupeleka chakula, na umemkataza kupita njia ya waenda kwa miguu. Anapita hukohuko kwa kasi, anamgonga muuza maandazi ambaye mifupa yake ni dhaifu kwa maradhi, anamvunja nyonga. Hospitalini mhudumu wa zamu anamtazama kwa mbali, anamrudisha nyumbani na dawa za maumivu. Usiku anafariki kwa kuvuja damu ndani ya mwili. Madaktari bingwa wanakubaliana kwamba hata angepokelewa papo hapo asingepona. Washauri warithi wake.

Jicho linaanza juu. Wajibu wa dereva kwa mtembea kwa miguu umekwishatambuliwa. Andika Robinson kwa sentensi moja na usiiguse Caparo, ambayo ingekula dakika kumi bure. Kuvunja wajibu: kasi mahali pa watu, uwezekano mkubwa na madhara mazito, yaani upande wa Paris, si wa Bolton. Mlango wa tatu ndipo penye mtego, kwani wadaiwa ni wawili. Karatasi inasema hivi:

Barnett (1968): mlinzi, chai yenye sumu, daktari hakumwona. Angekufa tu: dai limeanguka.

Katika kesi hiyo walinzi watatu wa usiku walifika hospitali wakitapika baada ya kunywa chai, daktari akaagiza kwa simu warudi nyumbani wawaone madaktari wao, na mmoja akafa kwa sumu ya arseniki. Wajibu ulikuwepo na ulivunjwa, lakini dawa isingewahi kumwokoa. Kwa hiyo hospitali ya kisa chetu inaponyoka, hata kama uzembe wake unachukiza. Wanafunzi wengi hukwama hapa kwa kutaka kuiadhibu. Bodaboda haponyoki kwa hoja hiyo, kwa sababu bila yeye nyonga isingevunjika wala damu isingevuja. Mlango wa nne unamkabili na Smith: mifupa dhaifu ya mama yule si utetezi, ilhali kuumia mwili kwa mtu aliyegongwa ni aina ya madhara ambayo kila dereva huitarajia. Mwisho, chini kabisa, nyota ya Muwonge: katazo la mgahawa halikumtoa kijana kazini, bado alikuwa akipeleka chakula, hivyo warithi wamdai na mwajiri wake, ambaye ndiye mwenye uwezo wa kulipa.

Kesi tano zimetosha. Jaribio kama hili likikuonyesha kwamba umetafuta kesi zaidi ya mara moja, haijakaa mahali pake, ihamishe. Kesi ambayo haikuguswa katika mitihani mitatu au minne ya miaka iliyopita inaweza kuwa inakula nafasi tu, ingawa si lazima. Fairchild ya mwaka 2002 ni mfano: inahusu wafanyakazi waliopata saratani ya vumbi la asbesto chini ya waajiri kadhaa, isijulikane ni vumbi la nani lililowadhuru, na mahakama ikakubali kwamba kuongeza hatari kunatosha. Haitokei mara kwa mara. Lakini ndiyo inayolegeza kanuni ya Barnett, na mtahini akileta kisa chenye visababishi viwili visivyotenganishika, asiyekuwa nayo atatoa jibu lisilo sahihi kwa kujiamini kabisa. Mimi ningeipa mstari wake mmoja, chini ya Barnett, na kuupata kwa kumfuta konokono.